Dawa ya kuongeza uchungu na hewa ya mtoto

Katika miaka ya 1960, daktari wa Kinorwei aitwaye Lorents Gran, aliyekuwa Kongo na Msalaba Mwekundu, aliona wajawazito wakinywa chai ya mmea wa kalata-kalata ili wajifungue haraka. Mmea ulipochunguzwa maabara, ulikutwa na kemikali inayobana kweli mfuko wa uzazi. Ni protini ndogo sana iliyojifunga kama pete, na kuchemshwa hakuiharibu.

Kwa hiyo bibi anayempa mkwewe dawa ya kuongeza uchungu huenda anampa dawa yenye nguvu hasa, na mtoto ndiye anayeubeba uzito wa nguvu hiyo.

Mtoto aliye tumboni hupata hewa kupitia damu ya mama inayofika kwenye kondo la nyuma. Kila mfuko wa uzazi unapobana, mishipa inayopeleka damu hiyo nayo hubanwa. Mtoto huvumilia, kisha uchungu ukiachia, hewa hurudi. Pumziko hilo ndilo linalomweka hai. Uchungu ukizidi mara tano katika dakika 10, pumziko huenda lisitoshe tena. Mapigo ya moyo wake, ambayo kwa kawaida ni kati ya 110 na 160 kwa dakika, huweza kuanza kushuka.

Hospitalini pia uchungu huongezwa, kwa dripu ya oksitosini. Lakini mkunga huanza na matone machache, huhesabu uchungu na kusikiliza moyo wa mtoto. Akiona mambo yanaharibika hufunga dripu, na ndani ya dakika chache nguvu yake huanza kupungua. Kikombe kilichokwisha kunywewa hakifungwi. Wala hakuna ajuaye kina nguvu kiasi gani, maana mmea wa shamba moja haulingani na wa shamba jingine.

Chukua mama wa mimba ya pili, aliyejifungua kwanza kwa upasuaji. Anakunywa vikombe viwili nyumbani alfajiri, anafika zahanati saa nne bila kusema, kwa kuogopa kufokewa. (Kufokewa huko kunatuletea hasara kubwa, anayefokewa leo atanyamaza kesho.) Uchungu wake ukipoa, anaweza kuongezewa dawa ya hospitali juu ya ile ya nyumbani. Kovu la zamani huweza kupasuka. Dalili zake ni maumivu makali yasiyoachia, damu ukeni, au uchungu kukatika ghafla na mtoto kuacha kucheza. Maji ya kijani nayo huonyesha kwamba mtoto amejisaidia tumboni, pengine kwa kukosa hewa.

Mama huyo akitaja alikunywa nini, saa ngapi na vikombe vingapi, mkunga hatamwongezea dawa ya uchungu kwa kubahatisha. Atasikiliza moyo wa mtoto mara kwa mara, na kwa sababu ya lile kovu atampa rufaa mapema kwenda hospitali yenye chumba cha upasuaji.