Kisima Kilichochimbwa Mwaka 0

Takwimu za vituo vya maji Tanzania, zilizokusanywa na Wizara ya Maji pamoja na mradi wa Taarifa, zilitumika katika mashindano ya DrivenData. Faili kuu lina vituo 59,400, na zaidi ya 20,000 kati yake vimeandikiwa mwaka wa ujenzi 0. Ukipiga wastani bila kuangalia, unapata takriban mwaka 1300. Vingine vina longitudo 0: ramani inavitupa Ghuba ya Guinea, ilhali Tanzania huanzia longitudo 29 hivi mashariki.

Sufuri hizo zimesimama mahali pa jibu lisilojulikana, na kompyuta haina namna ya kulijua hilo isipokuwa iambiwe. Pa kuiambia ni kabla data haijaingia kwenye hifadhidata ya kijiografia.

Kwanza faili huingizwa kwenye jedwali la muda ambalo safuwima zake zote ni maandishi matupu, ili hata “2009?” ionekane kama ilivyoandikwa. Kisha hesabu kila thamani imejirudia mara ngapi:

```sql
SELECT mjenzi, count(*) FROM muda
GROUP BY mjenzi ORDER BY mjenzi;
```

Kwenye takwimu hizi safuwima ya mjenzi ina majina zaidi ya 2,000, na DANIDA imekaa jirani na DANID. Hapo ndipo orodha rasmi inapozaliwa: kila jina linaloruhusiwa huandikwa mara moja, na jedwali la pili huonyesha tahajia ipi inarudi kwenye jina lipi. Uamuzi huo afanye mtu anayewajua wajenzi. Kuachia kompyuta iunganishe majina yanayofanana ni kukaribisha kosa jipya.

Mwaka na longitudo huwekewa mipaka:

```sql
CHECK (mwaka BETWEEN 1950 AND 2013)
```

Mtego upo hapa. Katika PostgreSQL, sharti la `CHECK` huzuia pale tu jibu linapokuwa “si kweli”. Mwaka ukiwa `NULL`, jibu halijulikani, na safumlalo inapita. Kwa hiyo sufuri igeuzwe `NULL` kwa makusudi, na safuwima isiyoruhusiwa kuwa tupu ipewe `NOT NULL`. Watumiaji wa ArcGIS nao wasiitegemee mno orodha waliyoifunga kwenye safuwima: humwongoza anayejaza fomu, lakini data ikimiminwa kwa wingi, thamani iliyo nje ya orodha yaweza kuingia bila kuzuiwa.

Safumlalo zilizokataliwa zisifutwe. Ziwekwe kando na sababu ya kila moja, zirudi kwa waliokwenda uwanjani.

Hata hivyo, kisima cha 1989 kilichoandikwa 1998 hupita masharti yote haya. Hicho hukamatwa kwa kulinganisha na kumbukumbu za kijijini, au kwa kwenda kukiangalia.