Mkulima na Mkewe: Nani Hasa Analima?

Kwa Kiswahili, ukisema "analima" hujasema kama ni mwanamume au mwanamke. Kwa hiyo mwandishi wa makala ya sosholojia anaweza kudhani lugha yake haina upendeleo. Kumbe upendeleo umejificha kwenye nomino.

Chukua sentensi hii: "Tulihoji wakulima na wake zao, wanawake wengi hawafanyi kazi." Maneno "wake zao" yamewatoa wanawake kwenye ukulima, hata kama wao ndio wanaopalilia shamba. "Hawafanyi kazi" nayo imefuta kuchota maji, kupika na kulea, ilhali swali la mtafiti lilihusu ajira ya mshahara tu.

Kabla ya kubadili neno lolote, rudi kwenye daftari la mahojiano. Tuseme linaonyesha wanawake 22 na wanaume 18. Sentensi itakuwa: "Tulihoji wakulima 40: wanawake 22 na wanaume 18. Wanawake 19 hawakuwa na ajira ya mshahara. Wote walilima na kufanya kazi za nyumbani bila malipo." Sasa msomaji anajua aliyehojiwa na kilichopimwa.

Upo mtego wa pili. Ukiandika "wanandoa walipigwa na wenzao", ilhali mahojiano yanaonyesha waliopigwa wote ni wake, umeficha matokeo yenyewe. Jinsia ikiwa ndiyo habari, itaje waziwazi. Isipohusika, andika "mkulima" tu.