Neno la Mlangoni

Mtoto katumwa sokoni jioni. Anarudi kikapu mkono mmoja, chupa ya mafuta mkono wa pili, anakuta mlango umefungwa. Anaita: "Mama, nifungulie!" Mama anafungua, na hakuna anayelifikiria tena neno hilo. Lakini ndani yake kitenzi kimoja kimeongezwa viungo viwili kwa utaratibu ambao mtoto hakukalishwa chini kufundishwa.

Tuanze na kiini. Mzizi ni fung-, wa kufunga. Ukiutia -u- mara baada yake, funga inakuwa fungua: kilichofanywa kinarudishwa nyuma. Walimu wa sarufi huiita kauli ya kutendua. Baada ya hapo inakuja -li-, ambayo ni kauli ya kutendea: mlango haufunguliwi tu, unafunguliwa kwa ajili ya mtu. Mtu huyo ni ni- iliyotangulia mwanzoni, mtoto mwenyewe. Irabu -e ya mwisho ndiyo inayoligeuza neno kuwa ombi.

Kutendua ni kauli yenye kuchagua sana. Hupenda vitendo vya kubana, kufunika, kutandaza au kushikiza, yaani vitu vinavyoweza kurudi vilivyokuwa. Ziba hutoa zibua, kunja hutoa kunjua, tega hutoa tegua, pakia hutoa pakua. Kitenzi kikiishia na -ika, mara nyingi kiungo hicho hupisha: bandika na bandua, funika na funua, anika na anua. Ila huwezi kutendua usingizi. Hakuna mtu aliyelala akalalua. Wala si kila kitenzi kinachoishia na -ua kinatendua kitu. Nunua, chukua na sumbua vimezaliwa hivyo. Ukitaka kujua, ondoa -ua, uweke -a au -ika, kisha sikiliza: je, kimebaki kitenzi chenye maana ya kinyume? Zibua ikabaki ziba, sawa. Sumbua ikabaki "sumba", huna kitu mkononi.

Turudi kwenye -li- ya mtoto, kwa sababu ina jambo. Kutoka pika tunapata pikia, kutoka kata tunapata katia: kiungo ni -i- peke yake, na hugeuka -e- pale mzizi unapokuwa na e au o, kama letea na somea. Basi mbona fungua haikuwa "funguia"? Hiyo l imetoka wapi?

Haikutoka popote, ilikuwapo zamani, ikamezwa. Kiungo cha kutendua katika lugha za Kibantu kilikuwa na konsonanti mwishoni, na jamaa zetu wengi bado wanayo. Mnyarwanda akifungua husema gufungura, na r yake unaisikia wazi. Kiswahili kiliiangusha l hiyo katikati ya irabu mbili, lakini neno likirefushwa inajitokeza tena: fungua, fungulia, funguliwa. Ndivyo ilivyo pia kwa nunua na nunulia, toa na tolea, zaa na zalia. Mwanafunzi anayeambiwa "ongeza l" kama kanuni ya kukariri ananyimwa nusu ya habari. L hiyo ni alama ya kidonda kilichopona.

Kutendea ndiyo kauli ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa haikomei kwenye "kwa ajili ya". Mara nyingi inakipa kitendo mahali pa kuelekea. Anayehama anaondoka, anayehamia anafika. Anayemkimbia baba yake anamwogopa, anayemkimbilia anataka kukumbatiwa. Kumcheka mtu ni kumuumiza, kumchekea ni kumwonyesha uso mwema. Na nuka na nukia ziko mbali kama jalala na waridi, ingawa tofauti yake ni irabu moja. Kauli hiyo hiyo ndiyo inayovipa vifaa kazi yake: kisu cha kukatia, kalamu ya kuandikia, meza ya kulia.

Kauli ya kutendesha, yenye -isha, -esha, -za na -ya, inaleta mtu mpya nyuma ya kitendo. Mwanafunzi anasoma, mjomba anayelipa ada anamsomesha. Hapa ndipo wengi wetu tunapojikwaa, na si katika mtihani bali katika fedha. Anayekopa anapokea pesa. Anayekopesha ndiye anayezitoa. Anayekodi gari analipa, anayekodisha analipwa. Hata hivyo kila siku utamsikia mtu aliyelipa nauli ya harusi akisema "tulikodisha basi". Kama basi si lake, alilikodi. Mwenye nyumba anapangisha, na mpangaji anapanga. Katika maongezi muktadha hutuokoa. Katika mkataba ulioandikwa, -isha moja inaweza kumgeuza mdai kuwa mdaiwa.

Inabaki -ana, ya kutendana. Juma na Ali wakipigana, kila mmoja ni mpigaji na mpigwa, kwa hiyo kitenzi hakihitaji tena kiwakilishi cha mtendwa katikati. "Walimpigana" haisemeki: nafasi ya mpigwa imeshachukuliwa na -an-.

Sasa tazama kinachotokea -an- inapokutana na -i- ya kutendea. Piga, ongeza kutendana kwanza, upate pigana. Kisha ongeza kutendea, upate pigania. Watu wanapigana, na kuna jambo wanalolipigania: ardhi, uhuru, haki. Geuza mpangilio. Piga, ongeza kutendea kwanza, upate pigia, kama kumpigia mtu simu. Kisha kutendana, upate pigiana. Dada wawili, mmoja Mombasa na mwingine Muskati, wanapigiana simu kila Ijumaa. Mzizi ni ule ule, viungo ni vile vile viwili, ila kimoja kimetangulia kingine, na vita vimekuwa salamu. Ndiyo maana neno refu la Kiswahili husomwa kuanzia kwenye mzizi kwenda nje: kila kiungo hufanya kazi juu ya kile kilichokwisha jengwa kabla yake, si juu ya mzizi mtupu.

Uhuru huo una mipaka. Kutendua hukaa karibu kabisa na mzizi, ndiyo maana tunasema funguliana, si "funganua". Na -w- ya kutendwa hupenda kukaa mwisho, jirani ya irabu ya kufungia: pigan-i-w-a, haki inayopiganiwa.

Liko neno moja fupi linalobeba utaratibu huu wote, na kila nyumba imewahi kulitamka. Kufa hakuna mtendwa. Anayekufa anakufa peke yake, hivyo huwezi kukitia kitenzi hicho -w- moja kwa moja. "Amefwa" haina maana. Lakini tia kwanza -i- ya kutendea, upate fia: kifo sasa kina mtu kinayemwangukia. Baba amemfia Asha. Kisha tia -w-, na Asha, aliyekuwa pembeni ya habari, anahamia mbele yake: Asha amefiwa. Marehemu anasogea nyuma ya "na", na aliyebaki hai ndiye anayeongoza sentensi, kwa kuwa ndiye tunayemwendea na pole.

Usiku simu inaita. Anayepiga hasemi nani, wala lini, wala kwa ugonjwa gani. Anasema "tumefiwa", na unainuka kutafuta viatu.