Namba ya Figo: Hatua Tano na Jinsi Zinavyosomwa

Hatua ya ugonjwa sugu wa figo haijulikani kwa maumivu. Figo zinaweza kupoteza nusu ya uwezo wake na mgonjwa asihisi lolote, na mkojo ukaendelea kutoka kama kawaida. Kinachoangaliwa ni kasi ya kuchuja, yaani mililita ngapi za maji ya damu zinasafishwa na figo zote mbili kwa dakika moja. Kwa kijana mwenye afya kasi hiyo huwa karibu 100, na ndiyo maana watu wengi huisoma kama asilimia. Si asilimia hasa, lakini kwa kuelewa hali ya mgonjwa usomaji huo haupotoshi sana.

Kasi yenyewe hukadiriwa tu. Maabara hupima kreatinini, taka inayotoka kwenye misuli na kutolewa na figo, kisha hesabu hufanywa kwa kuzingatia umri na jinsia. Mfano ni mwanamke wa miaka 52 mwenye shinikizo la damu, ambaye kreatinini yake imefika mikromoli 120 kwa lita. Kwa hesabu inayotumika sasa, kasi yake ni kama 47. Kijana wa kiume wa miaka 25 mwenye kreatinini ileile hupata kama 74. Kwa hiyo kulinganisha kreatinini na ya jirani hakumsaidii mgonjwa. Namba ya kuulizia ni ile ya kasi.

Kipimo kimoja pia hakitoshi. Kuharisha, upungufu wa maji mwilini au hata mlo mkubwa wa nyama kabla ya kutolewa damu huweza kupandisha kreatinini kwa muda. Ugonjwa huitwa sugu pale tu dosari inapodumu kwa zaidi ya miezi 3.

Hatua ya kwanza ni kasi ya 90 na kuendelea, na ya pili ni kati ya 60 na 89. Katika hatua hizi mbili namba peke yake si ugonjwa. Lazima iwepo dalili nyingine ya figo kuumia, kama protini kwenye mkojo au kasoro inayoonekana kwenye picha ya figo. Yule kijana mwenye 74, kama mkojo wake ni safi na hana kasoro nyingine, hahesabiwi kuwa mgonjwa.

Hatua ya tatu, kati ya 30 na 59, ndiyo inayohitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu hukusanya watu ambao hali zao hazifanani kabisa. Hugawanywa mara mbili penye 45, na mwanamke wa mfano wetu yuko nusu ya juu. Ila namba 47 inasema alipo leo, haisemi anakwenda kwa mwendo gani. Jibu la hilo hutafutwa zaidi kwenye mkojo, kwa kupima albumini, protini ambayo kichujio kizima huizuia isipite. Ikiwa chini ya miligramu 30 kwa kila gramu ya kreatinini ya mkojo, huenda akakaa miaka mingi katika hatua hiyohiyo. Ikizidi 300, vichujio vinavuja sana na hatari ya kushuka ni kubwa, ingawa kasi bado ni 47. Mgonjwa aliyeambiwa hatua yake bila kupimwa albumini amepewa nusu ya habari.

Albumini hiyo ndiyo sababu dawa za presha kama losatani na enalaprili hutumika sana hapa: hupunguza msukumo wa damu ndani ya vichujio. Wiki chache baada ya kuzianza, kreatinini inaweza kupanda kidogo. Ongezeko lisilozidi asilimia 30 kwa kawaida huvumiliwa, na mgonjwa anayeziacha kwa hofu hupoteza kinga yake. Za kuogopwa ni dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo hupunguza damu inayofika kwenye figo na hununuliwa dukani bila kuuliza.

Hatua ya nne, 15 hadi 29, ni ya maandalizi. Upungufu wa damu huwa wa kawaida zaidi, na potasiamu huweza kupanda, hivyo maji ya dafu na ndizi huenda vikahitaji kupunguzwa kulingana na kipimo. Anayetarajia kusafishwa damu kwa mashine hulindiwa mishipa ya mkono asioutumia sana, isichomwe sindano ovyo, kwani mshipa unaounganishwa kwa upasuaji huchukua wiki au miezi kukomaa.

Chini ya 15 ni hatua ya tano. Hata hapo mashine haianzishwi kwa namba pekee. Huangaliwa kichefuchefu, kupumua kwa shida, maji yanayojaa mwilini na potasiamu isiyoshuka. Usafishaji kwa kawaida hufanywa mara 3 kwa wiki, kama saa 4 kila mara. Upandikizaji, ambao Muhimbili iliufanya kwa mara ya kwanza mwaka 2017, unaweza kufanyika hata kabla ya mashine kuanza. Kumchunguza ndugu anayejitolea huchukua muda, hivyo mazungumzo hayo huanza vizuri zaidi mgonjwa akiwa bado katika hatua ya nne.