Arubuni ya Mkandarasi wa Kakuma

Mkandarasi wa Lodwar aliyepewa kazi ya kujenga madarasa mawili Kakuma, mwendo wa kilomita 120 hivi, aghalabu huanza barua yake ya kuomba malipo ya awali kwa kueleza umbali: kwamba saruji, nondo na mabati hupakiwa Kitale au Eldoret, kwamba mwenye lori hataki ahadi bali fedha taslimu, na kwamba laga zikifurika katika mvua za Machi hadi Mei, shehena hulala njiani na mafundi hudai ujira wao palepale. Hoja hizo ni za kweli. Lakini mhasibu amekwisha kuzisikia, naye hugeuza karatasi akatafute namna fedha zitakavyorudi.

Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 huruhusu malipo hayo kwa hali ya kipekee tu, yasizidi asilimia 20 ya bei ya zabuni, baada ya mkataba kutiwa saini na dhamana ya kiasi kilekile kuletwa. Basi tuseme kazi ni ya shilingi 6,000,000, na ombi ni la 1,200,000. Mwombaji mwerevu huahidi kukatwa robo ya kila hati ya malipo mpaka deni liishe. Msingi ukithibitishwa kwa 1,200,000, hukatwa 300,000. Kuta zikifika kwenye lenta kwa 1,600,000, hukatwa 400,000. Paa likikamilika kwa 2,000,000, hukatwa 500,000. Hapo deni limekwisha, na hati ya mwisho, ya 1,200,000, haina makato ya deni hilo.

Malipo haya ni tofauti na arubuni ya wazee wetu wa pwani, ambayo mnunuzi akighairi huipoteza. Hii ni karadha, na isiporudi mwajiri huidai benki.

Na benki ndiko uliko mtego. Ili kutoa dhamana hutaka rahani, nayo sehemu kubwa ya ardhi ya Turkana ni ya jamii, isiyo na hati ya mtu mmoja ya kuwekwa. Kwa hiyo mkandarasi mdogo huambiwa aweke fedha taslimu, na akiweka kiasi chote, zile alizoomba kwa ajili ya nondo hufungiwa katika akaunti, naye hubaki palepale alipokuwa, tena amepoteza ada ya dhamana. Kwa hiyo, ili ombi lake lifae kitu, aulize benki kwanza itashika kiasi gani, kisha aandike katika ombi kwamba dhamana ipungue kila makato yanapofanywa: baada ya msingi isalie 900,000, baada ya lenta 500,000.

Kadhalika asiahidi kununua saruji yote siku moja. Nondo na mabati husubiri ghalani. Mfuko wa saruji uliolowa unyevu huganda mabonge, na mhandisi akiubonyeza kwa kidole na donge lisivunjike, huukataa, ilhali karadha ya mkandarasi ingali inadaiwa.