Kikao cha kila Alhamisi kinatugharimu nini?

Tuchukue mfano wa kamati moja ya Kilwa. Iliundwa kusimamia ukarabati wa ukuta wa magofu ya Kilwa Kisiwani, na ikakubaliana kukutana Kilwa Masoko kila Alhamisi saa nne asubuhi. Ukuta umekwisha. Kikao bado kipo.

Wajumbe ni 12, wanane kati yao wakiishi Kilwa Kisiwani. Kikao huchukua saa 2. Kwa wa kisiwani, ongeza saa 2 za kungoja mashua, kuvuka kwenda na kurudi. Hivyo hao wanane wanatumia saa 32, na wanne wa Masoko saa 8. Jumla ni saa 40 kwa wiki, yaani kibarua cha mtu mmoja wiki nzima. Kwa mwaka ni saa 2,080. Tukikadiria nauli ya Sh1,000 kwa safari moja, nayo inafika Sh832,000.

Gharama kubwa zaidi iko majini. Pwani hii, siku za bamvua, maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi. Hapo miamba hubaki wazi na kina mama hushuka kutafuta pweza. Baada ya siku saba bamvua hupita, yakaja maji mafu, kisha mzunguko unaanza tena. Kwa hiyo karibu nusu ya vikao vya mwaka huangukia siku za bamvua. Mama anayeketi ukumbini saa hiyo amekosa pweza wa siku nzima, na hasara hiyo haiandikwi kwenye muhtasari wowote.

Utajuaje kikao kimekwisha kazi? Fungua mihtasari sita ya mwisho, uhesabu maamuzi ambayo yasingewezekana bila watu kukutana. Ukikuta "taarifa ilipokelewa" mara sita, jibu unalo. Magofu yenyewe yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia Ulio Hatarini mwaka 2004, yakaondolewa 2014 hali iliporidhisha. Kamati yetu haikuandika sharti la kuondoka, ndiyo maana haiondoki.

Mwenyekiti asiahirishe tena; afute vikao vyote vijavyo na aandike waziwazi:

"Ndugu wajumbe, kikao cha Alhamisi iliyopita kilikuwa cha mwisho. Kazi tuliyopewa imekamilika. Ukaguzi wa ukuta baada ya masika utafanywa na fundi mkuu, naye atatoa taarifa kwa mtendaji wa kijiji. Tunawashukuru mliovuka hata siku za kusi kali, mliobeba chokaa, na mama zetu mlioacha pweza mkaja. Likizuka jambo, tutaitana kwa jambo hilo."

Shukrani zitaje kilichofanywa, maana aliyevuka bahari wiki baada ya wiki anastahili kujua kwamba alionekana. Na siku hiyohiyo mwambie nahodha, la sivyo Alhamisi ijayo atawangoja abiria wanane wasiokuja.