Ada za Ethereum: Soma foleni kabla ya kuhamisha sarafu zako

Na Mwandishi Wetu

MTU aliyezoea kutuma fedha kwa simu ya mkononi hujua jambo moja kuhusu makato: kadiri kiasi kinavyokuwa kikubwa, ndivyo makato yanavyopanda. Mtu huyo anapoanza kutumia sarafu za kidijitali katika mtandao wa Ethereum hukutana na utaratibu tofauti kabisa. Huko, anayehamisha dola 20 na anayehamisha dola 20,000 hulipa ada ileile iwapo wametuma kwa wakati mmoja na kwa njia moja. Lakini mtu yuleyule, akituma kiasi kilekile leo jioni na kesho kutwa asubuhi, anaweza kulipa ada mbili zilizopishana mara ishirini.

Kwa mwenye mamilioni, tofauti hiyo si kitu. Kwa mwenye akiba ndogo, inaweza kumla kipande kinachoonekana cha fedha zake kila anapozihamisha kutoka mkoba mmoja kwenda mwingine. Ndiyo maana kujua namna ya kupima msongamano wa mtandao huo ni elimu yenye thamani kwake kuliko kwa tajiri.

Tuanze na jinsi ada inavyopatikana. Kila kazi inayofanywa katika mtandao wa Ethereum hupimwa kwa kipimo kinachoitwa gesi. Kuhamisha ETH, yaani sarafu ya mtandao wenyewe, kutoka mkoba wa kawaida kwenda mwingine huhitaji gesi 21,000. Kuhamisha USDT, sarafu inayofuata thamani ya dola ya Marekani, huhitaji kazi zaidi, takriban gesi 65,000. Kiasi hicho hakibadiliki sana. Kinachobadilika ni bei ya kila gesi moja, nayo hutajwa kwa gwei, ambayo ni sehemu moja ya bilioni ya ETH.

Hivyo basi, ada ni gesi mara bei. Tukichukulia kwa urahisi wa hesabu kwamba ETH moja ni dola 3,000, kuhamisha USDT wakati bei ni gwei 1 kutagharimu senti 20 hivi za dola. Bei ikiwa gwei 20, ada ni karibu dola 4. Ikifika gwei 100, ada ni dola 19 na nusu, hata kama unachohamisha ni dola 30 tu.

Je, ni nani anayepanga bei hiyo? Hadi katikati ya mwaka 2021 ulikuwa mnada. Kila mtumaji alitaja bei yake, na alilipa yote aliyoitaja. Agosti 5, 2021 utaratibu ulibadilishwa, na tangu siku hiyo bei ina sehemu mbili. Ya kwanza ni ada ya msingi, ambayo huwekwa na mtandao wenyewe kwa kanuni na ambayo huteketezwa isimfikie mtu yeyote. Ya pili ni bakshishi ndogo anayopewa mthibitishaji aliyeingiza muamala wako katika leja.

Kanuni ya ada ya msingi ni nyepesi kuielewa. Miamala huingizwa katika leja kwa mafungu yaitwayo bloku, na bloku moja hutoka kila baada ya sekunde 12. Kila bloku ina ukomo wa gesi inayoweza kubeba, na lengo ni ijae nusu tu. Ikijaa zaidi ya nusu, ada ya msingi ya bloku inayofuata hupanda. Ikijaa pungufu ya nusu, hushuka. Mabadiliko hayo hayawezi kuzidi asilimia 12.5 kwa bloku moja.

Asilimia 12.5 huonekana ndogo, lakini hujirudia haraka. Bloku kumi zikijaa pomoni mfululizo, yaani ndani ya dakika mbili, ada huwa zaidi ya mara tatu ya ilivyokuwa. Zikijaa ishirini, yaani dakika nne, huwa zaidi ya mara kumi. Wakati wa kushuka, mambo huwa taratibu zaidi, kwani ni nadra bloku kuwa tupu. Aghalabu hupungua kujaa kidogo kidogo, huku walioahirisha wakirejea mara tu bei inapolegea. Kwa sababu hiyo, anayetazama kipimo mara moja na kukuta bei kubwa hana haja ya kukata tamaa wala ya kuharakisha. Anapaswa kutazama mwelekeo.

Msongamano huo una saa zake. Kwa kawaida foleni huwa ndefu saa ambazo Marekani na Ulaya ziko macho kwa pamoja. Kwa saa za Afrika Mashariki, hizo ni takribani saa 10 jioni hadi saa 2 usiku. Wakati Wamarekani wamelala, yaani kwetu kuanzia saa 1 asubuhi hadi karibu saa 6 mchana, bei huelekea kuwa ya chini, na zaidi mwishoni mwa wiki. Mkazi wa Dar es Salaam au Mombasa ana bahati hapa: saa nafuu humkuta akiwa macho.

Hata hivyo, saa ya ukutani si kipimo. Kampuni ya Yuga Labs ilipouza viwanja 55,000 vya mchezo wake wa Otherside, ilikuwa usiku wa Jumamosi, Aprili 30, 2022 kwa saa za Marekani, na huku kwetu ilikuwa alfajiri ya Jumapili. Kwa kufuata mazoea, huo ungekuwa muda wa utulivu. Badala yake wanunuzi walikimbilia mlangoni kwa pamoja na bei ikafika maelfu ya gwei. Kwa kila gwei 1,000, mtu aliyetaka kuhamisha USDT zake tu, asiyehusika kabisa na viwanja hivyo, angetozwa takriban dola 180 kwa bei ya ETH ya siku zile. Baadhi ya wanunuzi walilipa ada na miamala yao ikashindikana, kwa kuwa mtandao hutoza kazi iliyofanyika hata kama haikuzaa matunda.

Kwa hiyo ni lazima kutazama kipimo chenyewe. Tovuti ya Etherscan ina ukurasa uitwao Gas Tracker unaoonyesha bei ya wakati huo. Mwenye ujuzi wa programu anaweza kuuliza mtandao moja kwa moja kwa amri ya eth_feeHistory, ambayo hutoa ada ya msingi ya bloku zilizopita, jinsi kila moja ilivyojaa, na ada ya bloku inayofuata. Programu ndogo ya namna hiyo hulinganisha bei na kikomo ulichokiweka, kisha hukuarifu bei inapokaa chini ya kikomo kwa bloku kadhaa mfululizo. Ikumbukwe kwamba kutazama bei hakuhitaji ufunguo wowote. Ukurasa au programu ya kupima ada inayokuomba maneno yako 12 au 24 ya siri ni mtego wa wezi.

Sasa tuchukue mfano wa mtu anayetaka kuhamisha USDT 200 kutoka mkoba wa simu kwenda mkoba wake mwingine. Ni Ijumaa saa 11 jioni na ada ya msingi ni gwei 20. Akituma papo hapo na bakshishi ya gwei 0.1, atalipa dola 3.92, karibu asilimia mbili ya fedha zake. Kwa kuwa mikoba yote miwili ni yake, hakuna anayemdai haraka. Anasubiri. Jumapili asubuhi ada ya msingi iko gwei 1. Anafungua sehemu ya mipangilio ya ada katika mkoba wake, mathalani MetaMask, na katika nafasi ya Max base fee anaandika 3, katika Priority fee anaandika 0.1. Hatalipa gwei 3. Hicho ni kikomo tu. Atalipa ada ya msingi ya bloku iliyombeba pamoja na bakshishi, yaani gwei 1.1, ambazo ni senti 21.

Faida ya pili ni kwamba sasa anaweza kutuma kwanza USDT 5 za majaribio, ahakikishe zimefika, ndipo atume zilizobaki. Miamala miwili kwa karibu senti 43 bado ni nafuu kuliko mmoja wa Ijumaa, na anwani imehakikiwa.

Makosa hutokea mahali patatu. La kwanza ni kupunguza kiasi cha gesi badala ya bei yake. Gas limit ikiwekwa chini ya kazi inayohitajika, muamala hukatika njiani, sarafu hubaki zilipo, na ada imekwenda. Kiasi kiachwe kama mkoba ulivyokadiria.

La pili ni kuweka kikomo cha chini mno na kuacha muamala ukining'inia. Miamala ya mkoba mmoja hupita kwa namba za zamu, hivyo uliokwama huzuia yote iliyo nyuma yake. Dalili yake ni neno Pending lisiloondoka. Dawa si kutuma mwingine mpya, bali kutuma wenye namba ileile ya zamu na bei zote mbili zikiwa zimepandishwa kwa angalau asilimia 10.

La tatu ni kusahau kwamba ada hulipwa kwa ETH. Mkoba wenye USDT tupu kwa kawaida hauwezi kutoa hata senti, kwa hiyo kabla ya kusubiri saa nafuu hakikisha una ETH ya kutosha kufikia kikomo ulichoweka.

Tangu mabadiliko ya Machi 2024, yaliyoipunguzia gharama mitandao ya pembeni, na upanuzi wa bloku uliofanyika mwaka 2025, siku tulivu zimekuwa nyingi na mara kwa mara ada imekuwa chini ya gwei 1. Bei ikiwa hivyo, kusubiri zaidi ni kupoteza muda kwa ajili ya senti chache. Kipimo kinabaki kuwa na kazi siku za mshtuko, hususan masoko yanapoporomoka.

Lakini siku hizo ndizo pia ambazo kusubiri kunaweza kuwa ghali kuliko ada. Machi 12, 2020 bei ya ETH ilipoanguka, foleni ilikuwa ndefu kiasi kwamba programu nyingi za kununua dhamana katika mfumo wa mikopo wa Maker zilishindwa kupenya. Waliopenya walichukua ETH zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 8 kwa dau la sifuri, kwa kuwa hapakuwa na wa kushindana nao. Mwenye mkopo unaokaribia kufilisiwa, au anayeshuku kuwa ufunguo wake umevuja, asitazame kipimo: alipe anachodaiwa aokoe mali.

Kwa wengine wote wanaohamisha kilicho chao kutoka mfuko huu kwenda ule, swali la kujiuliza kabla ya kubonyeza ni moja: je, kuna kitakachoharibika nikituma kesho asubuhi?